Uchambuzi wa Uga wa Nguvu: Kuhama kutoka Kitabu hadi Kompyuta katika Kituo cha Afya cha Ufipa

Mganga mfawidhi anayepanga kuacha kumbukumbu za karatasi na kuanza kutumia mfumo wa kompyuta mara nyingi huanza kwa kuhesabu vifaa: kompyuta ngapi, printa ngapi, waya wa mtandao mita ngapi. Hesabu hiyo ni ya lazima. Hata hivyo haielezi kwa nini kituo kilichopata vifaa vyote kinaweza, baada ya miezi michache, kuwa na kompyuta zilizofunikwa vitambaa na watumishi waliorejea kwenye vitabu vyao. Kwa swali hilo ipo njia ya zamani iitwayo uchambuzi wa uga wa nguvu, ambayo mtu anaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi moja kubwa.

Aliyeibuni ni Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyezaliwa mwaka 1890 katika eneo ambalo leo ni Poland, akaondoka Ujerumani mwaka 1933 na kuishi Marekani hadi alipofariki mwaka 1947. Lewin aliona kwamba mazoea ya kundi la watu hayabaki yalivyo kwa sababu yametulia tu. Yanabaki kwa sababu nguvu zinazoyasukuma kwenda mbele zimelingana na nguvu zinazoyazuia. Kutokana na hoja hiyo, ziko njia mbili za kusogeza hali: kuongeza msukumo au kupunguza kizuizi. Zote mbili zaweza kuifikisha hali mahali pamoja, ila hazileti matokeo sawa. Msukumo ukiongezwa huku kizuizi kikiwa palepale, mvutano hupanda. Watumishi huchoka, hununa, na msimamizi akiondoka wote hurudi walikotoka. Kizuizi kikipunguzwa, msukumo uliokuwapo tangu mwanzo hutosha kufanya kazi yake.

Chukulia kituo cha afya cha mfano katika uwanda wa juu wa Ufipa, kando ya barabara iendayo Tunduma kutoka Sumbawanga. Kinapokea wagonjwa wa nje wapatao 60 kwa siku, kina matabibu wawili, karani mmoja wa mapokezi, dirisha moja la dawa na maabara ndogo. Halmashauri imekitaka kianze kutumia GoTHOMIS, mfumo wa Serikali wa kuendesha shughuli za vituo vya kutolea huduma za afya. Kabla ya kuchora chochote, mfawidhi anaandika lengo kwa sentensi moja inayoweza kupimwa: ifikapo mwisho wa mwezi wa sita, kila mgonjwa wa nje atasajiliwa, ataandikiwa maelezo ya ugonjwa na kupewa dawa kupitia kompyuta, na maandishi hayo yataingizwa wakati mgonjwa yupo mbele ya mtoa huduma. Kifungu cha mwisho ndicho chenye uzito. Lengo likisema tu kwamba kituo “kitumie mfumo”, kituo kitaingiza kila kitu jioni kutoka kwenye kitabu, na kitahesabika kuwa kimefaulu.

Katikati ya karatasi huchorwa mstari wa wima unaosimama kwa hali ya sasa. Upande wa kushoto huandikwa nguvu zinazosukuma, upande wa kulia zinazozuia. Upande wa kushoto haukawii kujaa. Yapo maelekezo ya halmashauri. Ipo taabu ya mwisho wa mwezi, pale mtumishi anapoketi kuhesabu mistari ya Kitabu namba 5 cha MTUHA, yaani rejesta ya wagonjwa wa nje, ili kupata jumla zitakazopelekwa katika taarifa. Yapo madai ya bima yanayorudishwa kwa kukosa saini au tarehe, na mapato ya papo kwa papo ambayo ni vigumu kuyalinganisha na idadi ya wagonjwa.

Upande wa kulia ndipo kazi ilipo, na ndipo mafunzo mengi huharakisha. Kosa la kawaida ni kuandika “watumishi hawapendi mabadiliko”. Hiyo ni lawama, wala haionyeshi nini kifanyike. Nguvu iliyotajwa vyema ni ile inayoonyesha nani, saa ngapi, na kazi gani.

Mfano ni umeme. Kwa miaka mingi Rukwa haikuwa kwenye Gridi ya Taifa. Sumbawanga ilitegemea umeme ulionunuliwa Zambia pamoja na jenereta za dizeli, na watumishi wenye umri wanakumbuka vyema kukatika kwake. Neno “umeme” likiandikwa peke yake, mfawidhi hushika kichwa, kwa kuwa hana mamlaka juu ya nyaya za TANESCO. Akiuliza zaidi atagundua nguvu mbili zilizojificha ndani ya neno moja. Ya kwanza ni kukatika kwenyewe, ambako hupungua makali kituo kikichagua kompyuta mpakato zenye betri yake, na kuweka seva na kisambaza mtandao kwenye betri kubwa yenye kigeuza umeme. Ya pili ni kwamba umeme ukikatika saa 4 asubuhi hakuna ajuaye aandike wapi. Hii huondolewa kwa fomu ya ukurasa mmoja iliyo tayari kwenye kila meza, pamoja na jina la mtu atakayeingiza fomu hizo siku hiyohiyo. Gharama yake ni karatasi. Radi za masika ni jambo la tatu, na dawa yake ni waya wa ardhini uliokaguliwa na fundi.

Kizuizi kikubwa kuliko vyote, hata hivyo, kwa kawaida ni kuandika mara mbili. Kompyuta zimekuja lakini kitabu cha MTUHA hakijaondoka, hivyo tabibu huandika kwenye mfumo, kisha huandika kwenye rejesta. Mfawidhi asikisie ukubwa wake. Akae chumba cha tabibu kwa asubuhi mbili akiwa na saa. Tuseme amepima dakika 3 za ziada kwa kila mgonjwa. Kwa wagonjwa 60 hizo ni dakika 180, yaani saa 3 kila siku, au saa moja na nusu kwa kila tabibu. Hakuna semina wala barua ya onyo inayoweza kufuta muda huo. Tabibu anayeacha kompyuta na kubaki na kitabu amechagua kumaliza foleni, na uamuzi wake una mantiki.

Mfawidhi hana uwezo wa kukifuta kitabu kwa amri yake. Anaweza kwenda kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri na vipimo vyake mkononi na kuomba mambo mawili kwa maandishi: tarehe ya kukoma kwa kipindi cha kuandika sambamba, na ruhusa kwamba, katika kipindi hicho, rejesta ijazwe alasiri na mtumishi wa kumbukumbu kutokana na orodha iliyochapwa kutoka kwenye mfumo. Mzigo haujaisha, lakini umehama kutoka kwa mtu mwenye foleni mlangoni. Anaweza pia kuanza na idara moja badala ya zote, ili kipindi hicho kigumu kiwe kifupi kwa kila idara.

Kuna kizuizi kisichosemwa mkutanoni. Mfumo unaounganisha usajili, malipo na dawa huonyesha fedha iliyopaswa kukusanywa, na si kila mtu anafurahia kuonekana kwake. Mkutanoni nguvu hii huvaa joho la “mfumo ni mzito”. Ugumu ni kwamba mara nyingine mfumo ni mzito kweli. Mfawidhi mwenye busara hamtuhumu mtu; huwagawia watumishi vikaratasi visivyo na majina waandike kinachowazuia, kisha hupima mwenyewe kasi ya mfumo pale dirishani. Ukionekana mwepesi, na malalamiko yakabaki kwenye dirisha la fedha pekee, amekwishapata jibu.

Zipo pia nguvu za kuzuia ambazo hazistahili kuondolewa. Mgonjwa wa nje mara nyingi huja na daftari lake la shule lililoandikwa historia ya matibabu yake. Mkulima wa Ufipa anayeshuka bonde la Rukwa kulima mpunga hulichukua, na tabibu wa zahanati ya huko hulisoma bila mtandao wala nywila. Ikiwa kompyuta ya kituo haionekani kutoka zahanati hiyo, kuacha kuandika kwenye daftari ni kumwondolea mgonjwa kumbukumbu pekee inayosafiri naye. Tabibu anayesita hapa anatetea usalama wa mgonjwa. Mpango ubadilike: mistari mitatu iendelee kuandikwa kwenye daftari, yaani ugonjwa, dawa na kipimo chake, na tarehe ya kurudi, maelezo marefu yabaki kwenye mfumo.

Vitabu vingi vya uongozi hufundisha kuipa kila nguvu alama kati ya 1 na 5 na kujumlisha kila upande. Alama husaidia kupanga kipi kishughulikiwe kwanza. Jumla yenyewe haina maana kubwa: 16 dhidi ya 14 hakumaanishi kwamba mpango utashindwa, maana nguvu hizi hazipimwi kwa kipimo kimoja, na moja hubeba nyingine. Kuandika mara mbili kukiondoka, hata ucharazaji wa polepole hauumi kama ulivyokuwa ukiuma.

Nani achore? Lewin mwenyewe aliacha ushahidi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alichunguza jinsi ya kuwashawishi akina mama wa nyumbani wa Marekani wapike moyo, figo na nyama nyingine za ndani ambazo hawakuzizoea. Kati ya waliosikiliza mhadhara, 3 tu katika kila 100 walizipika. Kati ya waliojadiliana kwa vikundi na kuamua pamoja, walikuwa 32. Kwa hiyo karatasi ya uga wa nguvu ichorwe na karani, muuguzi, mtoa dawa na matabibu wakiwa chumba kimoja, na maamuzi wayatamke wenyewe. Mchoro uliochorwa ofisini na kubandikwa ukutani unafanana zaidi na mhadhara.

Baada ya wiki sita za matumizi mfawidhi anapaswa kujua kama hali imesogea au inarudi nyuma, na dalili zipo ndani ya mfumo wenyewe. Kwanza alinganishe wagonjwa waliosajiliwa kwenye mfumo kwa wiki na wale waliotibiwa. Pengo likikua, baadhi wanapita nje ya mfumo. Pili atazame saa za maingizo. Wagonjwa 40 walioingizwa kati ya saa 9 na saa 10 alasiri hawakutibiwa wakati huo. Mtu amewaandika kwenye karatasi ya mfukoni na kuwaingiza baadaye. Tatu aangalie majina ya watumiaji. Ikiwa kazi yote ya siku iko chini ya jina la mtumishi mmoja aliyekuwa likizo, nywila inazunguka mikononi mwa wengi, jambo lisiloendana na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Huenda pia chanzo chake ni kizuizi ambacho hakikuandikwa, mathalani kwamba mtumishi mpya husubiri wiki mbili kupewa nywila yake. Hapo karatasi hufunguliwa tena, na kizuizi hicho huongezwa upande wa kulia pamoja na jina la atakayekishughulikia na tarehe.