Somo la Kumi na Moja: Ugomvi wa Kisima

Watu wawili tutakaosoma habari zao katika somo hili ni wa hadithi. Tutawaita Baba Kulwa na Baba Limi. Lakini ukame uliowapata ulikuwa wa kweli. Ni ukame wa mwaka 2005, wakati mvua za vuli zilipokosa kunyesha vya kutosha katika sehemu kubwa ya Tanzania. Hata Ziwa Victoria lenyewe lilipungua sana, na mwaka 2006 maji yake yalikuwa yamerudi nyuma na kuacha ardhi kavu mahali ambapo wavuvi walizoea kufunga mitumbwi.

Baba Kulwa na Baba Limi walikuwa wakulima wa Misungwi, kusini ya mji wa Mwanza. Nyumba zao zilitazamana chini ya kilima cha mawe. Walilima mihogo, mahindi, viazi vitamu na pamba kidogo. Katikati ya mashamba yao palikuwa na kisima. Baba zao walikichimba pamoja kwa sululu na koleo, baada ya watu kuhamia vijijini mwaka 1974. Kina chake kilikuwa meta 7. Baadaye kilijengewa ndani kwa pete za zege zenye upana wa sentimeta 120.

Udongo wa mahali hapo ni wa kichanga. Wasukuma huuita luseni. Chini ya mchanga kuna mwamba. Mvua inaponyesha, maji huzama mchangani mpaka yakutane na mwamba, na hapo hukaa. Chukua beseni, lijaze mchanga, kisha umwagie maji. Ukichimba katikati kwa kidole, maji yatajitokeza polepole kutoka pembeni. Kisima cha luseni ni kama tundu hilo la kidole. Hakina mto chini yake. Maji yake ni ya mvua za miaka iliyopita, na mvua isiponyesha beseni hukauka kidogo kidogo.

Mwezi wa Novemba ulifika bila mvua. Asubuhi moja Mama Limi alivuta ndoo, akaona maji machafu yenye mchanga. Alimwita mumewe. Baba Limi akatazama kisimani, kisha akatazama ng'ombe wanane wa Baba Kulwa waliosimama kwenye birika.

"Baba Kulwa," alisema, "ng'ombe wako wanatumaliza."

"Ng'ombe hawa watalima shamba lako na langu mvua ikija," alijibu Baba Kulwa. "Wewe unamwagilia nyanya asubuhi na jioni. Nani anayetumaliza?"

"Nyanya ni ada ya shule ya Limi."

"Na ng'ombe je? Ni pambo?"

Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Kila mmoja alianza kuchota usiku ili mwenzake asimtangulie. Huo ulikuwa ujinga, kwa sababu kisima hakikupata nafasi ya kujaa, na asubuhi wote wawili waliambulia tope. Kisha kamba ya ndoo ilikutwa imekatwa. Baba Limi akaweka kufuli kwenye mfuniko. Baba Kulwa akaja na jiwe, akalivunja kufuli mbele ya watoto. Wanaume walishikana mashati. Mama Kulwa na Mama Limi ndio waliowaachanisha, na Mama Kulwa akaenda mwenyewe kumwita mwenyekiti wa kitongoji.

Mwenyekiti hakuwauliza nani mwenye haki. Alikuja na mzee mmoja, fundi wa visima. Mzee huyo alijifunza kazi wakati wa mradi wa HESAWA, uliotengeneza visima katika mikoa ya Mwanza, Mara na Kagera tangu mwaka 1985 hadi 2002. Fundi alichukua kamba, akaifunga jiwe, na kila sentimeta 10 akapiga fundo.

"Leo jioni, mkishamaliza kuchota," alisema, "mshushe kamba hii mpaka jiwe liguse chini. Mkiivuta, hesabuni mafundo yaliyolowa. Kesho alfajiri, kabla mtu hajachota, mshushe tena. Fanyeni hivyo siku tatu. Usiku mtu asichote."

Kazi hiyo walipewa akina mama, kwa kuwa waume zao wasingekubaliana hata juu ya idadi ya mafundo. Siku zote tatu jibu lilikuwa karibu moja. Jioni kamba ililowa sentimeta 20. Alfajiri ililowa sentimeta 45. Basi usiku mmoja kisima kiliongezeka sentimeta 25.

Je, hizo ni ndoo ngapi? Fundi aliandika hesabu chini kwa kijiti. Upana wa kisima ni sentimeta 120, nusu yake ni 60. Alizidisha 60 kwa 60, akapata 3,600. Akazidisha kwa 3.14, akapata 11,304. Hizo ni sentimeta za ujazo za maji kwa kila sentimeta moja ya kina, yaani lita 11 na kidogo. Kwa hiyo sentimeta 25 ni lita 283, karibu ndoo 14 za lita 20.

"Hizo ni za usiku," alisema fundi. "Mchana maji nayo huingia, tena huingia kwa kasi kama ile au zaidi, kwa sababu mnayapunguza. Tuseme ndoo 14 nyingine. Kisima kinawapa ndoo 28 kwa siku. Sasa niambieni mnachota ngapi."

Nyumba zote mbili zilikuwa na watu 16. Kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua, kila mtu alitumia ndoo moja kwa siku. Hizo ni ndoo 16. Ng'ombe mmoja wakati wa kiangazi hunywa karibu lita 30 kwa siku, basi ng'ombe wanane walikunywa ndoo 12. Bustani ya Baba Limi ilikuwa na matuta matano. Kila tuta lilipewa ndoo moja asubuhi na moja jioni, jumla ndoo 10. Ukijumlisha 16, 12 na 10 unapata 38.

Kisima kilitoa 28. Walitaka 38. Zilipungua ndoo 10.

Hapo ndipo palipokuwa na kiini cha ugomvi. Bustani ikiachwa, maji yanatosha. Ng'ombe wakipelekwa kwingine, maji yanatosha na kubaki. Kwa hiyo kila mmoja alisema kweli alipomwambia mwenzake, "Wewe ukiacha, tutapata." Kwa maoni yangu ugomvi wa namna hii ni mgumu kuliko ule ambao mmoja ni mwongo.

Fundi akawaonyesha jambo jingine. Alichukua maji ya ndoo ya mwisho, akayaacha yatulie kwenye bakuli jeupe. Chini ulibaki mchanga. "Mkikausha kisima kila siku," alisema, "maji yanaingia kwa nguvu na kuburuta mchanga. Nyuma ya pete panabaki pango. Siku moja pete itainama au itapasuka, na kisima kitafukiwa. Acheni fundo mbili za maji chini kila jioni. Mkiona mchanga kwenye ndoo, simameni."

Walikaa chini ya mwembe mpaka jioni. Baba Kulwa alikubali kuwapeleka ng'ombe ziwani, kilomita 9, siku moja moja kwa kuachia moja. Siku ya pili wangenywa kisimani. Alikataza watoto wachungaji wasiingie majini, maana kando ya ziwa kuna konokono wanaoeneza kichocho. Baba Limi aliacha matuta matatu yakauke. Mawili yaliyobaki aliyatandazia majani makavu na kuyamwagilia jioni tu, kwa maji yaliyooshea vyombo na ndoo moja ya kisima kwa kila tuta. Ng'ombe wakinywa kisimani, siku hiyo ilitumia ndoo 30. Wakienda ziwani, ilitumia 18. Kwa siku mbili ni ndoo 48, na kisima kilitoa 56.

Mapatano hayo yalidumu wiki tatu. Desemba kamba ilionyesha sentimeta 18 tu kwa usiku, yaani ndoo 20 kwa siku. Beseni lilikuwa linakauka. Baba Kulwa aliuza ng'ombe wawili mnadani kwa bei ya kutupa, kwa kuwa kila mtu alikuwa anauza. Baba Limi alimsindikiza. Hawakusema mengi njiani.

Fundi akarudi. Alisema mwisho wa kiangazi ndio wakati wa kuongeza kina, maji yakiwa chini kabisa. Ukichimba wakati wa masika utasimama mapema, na kiangazi kisima kitakauka tena. Kabla ya mtu kuingia alishusha taa ya kandili mpaka chini. Ingezimika, hakuna ambaye angeshuka, kwa maana hewa ya chini ingekuwa mbaya. Haikuzimika. Hata hivyo mchimbaji alifungwa kamba kiunoni, na watu wawili walibaki juu wakiishika. Kijana mmoja alitaka kushusha mashine ya petroli ya kuvuta maji. Fundi alimfokea: moshi wa mashine ndani ya kisima huua watu kabla hawajapiga kelele, na taa inaweza kuendelea kuwaka.

Hawakuchimba chini ya pete za zamani, kwa sababu zingeshuka au kuinama. Waliteremsha ndani yake pete ndogo za upana wa sentimeta 90. Mchimbaji alikaa ndani ya pete, akachota mchanga chini ya ukingo wake pande zote sawasawa, na pete ikashuka kwa uzito wake. Baba Kulwa alichimba asubuhi, Baba Limi mchana. Siku ya nne sululu iligonga mwamba. Walikuwa wameongeza meta 1 na sentimeta 10. Zaidi ya hapo haikuwezekana kwa mkono.

Walipopima tena, kisima kilitoa ndoo 27 kwa siku. Hakikurudi kama zamani, kwa kuwa kuongeza kina hakuongezi mvua. Lakini watu 16 walipata maji, na ng'ombe sita walibaki hai mpaka mvua za Machi 2006.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Kwa nini kuchota usiku hakukumsaidia yeyote kati ya majirani hawa?

2. Pete mpya zina upana wa sentimeta 90. Katika sehemu hiyo, sentimeta 10 za maji ni ndoo ngapi? (Anza na 45 mara 45.)

3. Kama ungekuwa mwenyekiti, ungesema nini kuhusu kufuli? Je, kuhusu kamba iliyokatwa, ambayo aliyeikata hakujulikana?

4. Fungeni jiwe kwenye kamba, pigeni mafundo, mkapime kisima mnachokitumia jioni na alfajiri kwa siku tatu. Leteni hesabu darasani.