Kikapu cha Mgonjwa: Matunda na Vyakula vya Kumpelekea Aliyelazwa

Mtu wa Upare haendi kumtazama mgonjwa mikono mitupu. Anayeshuka kutoka milimani huja na ndizi na maparachichi, na anayetoka kando ya Ziwa Jipe huja na perege. Kituoni Same, kabla ya basi kuondoka, huongezwa machungwa. Desturi hiyo ni njema, nasi hatuna nia ya kuipunguza. Ila katika somo hili tunataka kuonyesha kwamba tunda lililo bora kabisa sokoni laweza kuwa hatari kwa mgonjwa fulani, na kwamba jambo hili halitambuliki kwa kulitazama tunda, bali kwa kuujua ugonjwa.

Tuchukue mfano wa familia moja ya kijiji cha kando ya Jipe. Baba yao amelazwa Moshi, figo zake zimeshindwa kufanya kazi, na damu yake husafishwa kwa mashine. Wanawe wamepanga kikapu hivi: ndizi mbivu, maparachichi mawili, machungwa, perege wa kukaushwa kwa chumvi, na bakuli la makande aliyoyapika mama alfajiri. Kwa macho ya jirani yeyote, hicho ni kikapu cha heshima. Kwa baba huyo, karibu kila kilichomo kina kasoro.

Sababu ni madini ya potasiamu. Mwili huyahitaji ili misuli na moyo vifanye kazi, na figo nzima huondoa ziada yake katika mkojo. Figo ikishindwa, ziada hubaki katika damu. Mashine huiondoa siku za matibabu tu, ambazo kwa wagonjwa wengi ni tatu kwa juma. Katikati ya siku hizo kila kinacholiwa hulimbikizana. Yakizidi sana, mapigo ya moyo huvurugika na huweza kusimama. Mgonjwa huenda akahisi misuli kulegea au ganzi, lakini mara nyingi hahisi lolote, na ndiyo maana tunasisitiza jambo hili kuliko mengine yote ya somo hili.

Sasa tupige hesabu. Ndizi mbivu moja ya wastani ina potasiamu ya miligramu 400 hivi. Chungwa moja lina takriban miligramu 240. Nusu ya parachichi hukaribia 450, na maparachichi makubwa ya milimani huvuka hapo. Baba akila ndizi mbili, machungwa mawili na nusu ya parachichi mchana mmoja, kwa kuwaridhisha wanawe, amekwisha kupata zaidi ya miligramu 1,700. Wagonjwa wengi wa aina yake huelekezwa wasizidi takriban 2,000 kwa siku nzima, ilhali bado hajala chakula cha hospitali.

Makande nayo hayamfai, kwa kuwa maharage yana potasiamu nyingi. Perege ni protini nzuri, na anayesafishwa damu huhitaji protini. Tatizo ni chumvi aliyokaushiwa. Chumvi huleta kiu, mgonjwa hunywa maji, na maji hayo hayana pa kutokea. Perege mbichi aliyechemshwa bila chumvi ni afadhali, kwa kiasi atakachokubali mtaalamu wa lishe wa wodi.

Je, wampelekee nini? Tufaha moja, ambalo wengi huliita epo, lina potasiamu isiyofikia nusu ya ile ya ndizi. Kipande cha nanasi cha gramu 100 kina kidogo zaidi. Ndizi za kupika zaweza kupunguzwa makali: zimenywe, zikatwe vipande vidogo, zichemshwe katika maji mengi, maji hayo yamwagwe, kisha zimalizikie katika maji mapya. Njia hii hupunguza potasiamu, haiiondoi yote. Mtori haumo katika ruhusa hiyo, kwa sababu maji yake ndiyo yanayonywewa.

Kikapu hichohicho, hata hivyo, kingemfaa mtu mwingine. Mgonjwa aliyevunjika mguu, ambaye figo zake ni nzima, angekula ndizi, parachichi na chungwa kwa faida tupu. Kwa hiyo hatusemi parachichi ni baya. Tunasema ulizeni kwanza. Swali lenyewe ni fupi, na laweza kuulizwa kwa simu kupitia ndugu anayemwuguza, au kwa muuguzi wa zamu: "Dada, mgonjwa wetu ameruhusiwa kula nini, na amekatazwa nini?" Muuguzi haoni swali hilo kuwa usumbufu. Mgonjwa mwenyewe asiwe wa kuulizwa peke yake. Wapo wanaoficha makatazo kwa hamu ya ndizi.

Jibu likiwa "asile chochote", lina maana hiyo hasa. Anayesubiri upasuaji huachishwa chakula kwa saa kadhaa ili, akiwa katika usingizi wa dawa, vilivyomo tumboni visipande na kuingia mapafuni. Kumlisha kwa siri kijiko cha uji ni kumhatarisha, na yakijulikana, upasuaji huahirishwa. Kwa mwenye kisukari, mpelekeeni chungwa zima, wala si juisi: bilauri moja hukamuliwa machungwa matatu au manne, nyuzinyuzi zikaachwa, na sukari hupanda upesi. Balungi nalo huingiliana na baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za kupunguza mafuta katika damu, likazifanya zizidi nguvu. Anayetumia dawa hizo asilipewe bila daktari kuulizwa.

Limebaki suala la safari. Makande yaliyopikwa alfajiri huliwa saa nane mchana, baada ya saa nyingi ndani ya basi katika joto la tambarare. Chakula kilichopikwa hakipaswi kukaa zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida. Wali una hatari yake ya pekee: vijidudu vyake huvumilia kuchemshwa, huzaliana wali unapopoa polepole, na sumu vinayotoa haiondoki kwa kupashwa moto. Harufu haitawaambia. Anayetoka mbali apeleke matunda mazima, na chakula kipikwe na ndugu aliye karibu na hospitali, kifikishwe kikiwa bado cha moto.

Mnaponunua, chagueni tunda lisilopasuka wala kubonyea, kwa maana ufa wa ganda ni mlango wa vijidudu. Parachichi libonyezeni taratibu karibu na kikonyo. Likiitika kidogo, litaliwa leo au kesho. Nanasi linuseni chini: likinukia utamu limeiva, likinukia uchachu limepita. Matunda yaliyokwisha kumenywa na kufungwa katika mifuko myembamba yaacheni hapohapo kituoni, hata yakiwa na rangi ya kuvutia. Hamjui kisu wala maji yaliyotumika. Hospitalini, osheni tunda kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kulimenya, mkianza na mikono yenu.

Pelekeni kiasi cha kuliwa siku hiyo. Kabati la kitandani halina ubaridi, na ndizi zinazozidi hugawiwa mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye huenda naye ana figo mbovu na hakuna aliyemwuliza.