Kuomba Kikao na Serikali ya Mtaa: Mfano wa Mfereji wa Kariakoo

Katika somo hili tuchukue mfano mmoja. Jumuiya Ndogondogo ya katikati ya Dar es Salaam inataka kuzibua mfereji wa maji ya mvua ulioziba kwa mifuko na maboksi kando ya barabara mojawapo ya Kariakoo. Watu 25 wamejitolea, makoleo yapo, na paroko ameridhia. Imebaki ruhusa ya serikali. Waanzie kwa nani?

Mtaa upi?

Kariakoo, neno "mtaa" lina maana mbili. Tunaposema Mtaa wa Sikukuu au Mtaa wa Swahili, tunamaanisha barabara yenye maduka. Mtaa wa kiserikali ni eneo lenye mipaka, lenye Mwenyekiti aliyechaguliwa na wakazi, na Afisa Mtendaji ambaye ni mwajiriwa. Barabara moja inaweza kupita katika mitaa miwili ya namna hiyo. Kwa hiyo, kabla ya kuandika barua, watu wawili waende ofisi ya mtaa iliyo karibu na kuuliza: "Mfereji huu, kuanzia kona hii hadi ile, uko upande wenu?" Wasipouliza, huenda barua ikapokelewa vizuri na ofisi isiyohusika, kisha siku ya kazi atokee kiongozi wa upande wa pili akiuliza nani amewaruhusu.

Nani anaruhusu nini?

Uongozi wa mtaa unaweza kukubali wakazi wafanye usafi, kuwatangazia majirani na kuwatambulisha ninyi kwa ofisi za juu. Lakini barabara za mijini pamoja na mifereji yake husimamiwa na TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017, na barabara kuu ziko chini ya TANROADS. Kuvunja zege au kujenga chochote juu ya mfereji si jambo la Mwenyekiti wa Mtaa kuamua. Kazi ikigusa mitaa miwili, mhusika ni Afisa Mtendaji wa Kata.

Ndiyo maana barua ya kwanza inaomba kikao. Kwenye kikao ndipo mtaambiwa lipi linaishia hapo mtaani na lipi liende mbele, tena kwa barua ya utambulisho.

Barua yenyewe

Iwe ukurasa mmoja, yenye anwani ya parokia na sahihi ya kiongozi wake. Salamu za kanisani zibaki kanisani: barua hii itasomwa na watu wa dini zote. Sehemu yake kuu inaweza kuwa hivi:

> Ndugu Afisa Mtendaji wa Mtaa,
>
> YAH: KUOMBA KIKAO KUHUSU USAFI WA MFEREJI
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunaomba kukutana nawe pamoja na Mheshimiwa Mwenyekiti kwa muda wa nusu saa, siku mtakayoona inafaa. Tunakusudia kuzibua mfereji wenye urefu wa hatua 80 hivi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tukiwa watu 25. Hatutavunja wala kujenga kitu, na hatutachangisha fedha kwa wafanyabiashara.

Sentensi ya mwisho ina kazi yake. Wafanyabiashara wa Kariakoo huombwa michango mara kwa mara, na kiongozi atataka kujua mapema kama nanyi mnakuja kwa hilo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi imetajwa kwa sababu ndiyo siku ya usafi kitaifa.

Pelekeni nakala mbili. Moja ibaki ofisini. Nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mrudi nayo. Wiki ikipita bila jibu, rudini na nakala hiyo na kuuliza kwa upole.

Kwenye kikao

Waende watu watatu, mmoja wao awe mkazi wa mtaa huo. Swali gumu litakuwa hili: tope litakwenda wapi? Tope likiachwa kando ya barabara, mvua ya kwanza hulirudisha mferejini, na lawama humwangukia aliyeruhusu. Ombeni afisa afya wa kata ashirikishwe, na mkubaliane gari la taka litapita saa ngapi. Swali la pili ni la wamachinga waliopanga bidhaa juu ya mfereji. Wengi si wakazi, hivyo tangazo la mkutano wa mtaa haliwafikii. Mwombeni Mwenyekiti awapitie pamoja nanyi siku mbili kabla.

Mkiambiwa "sawa, endeleeni tu," shukuruni, kisha ombeni kwa heshima jibu la maandishi. Ruhusa ya mdomo haitawasaidia ofisa mwingine akiwakuta na makoleo barabarani.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Eneo la parokia yetu lina mitaa mingapi ya kiserikali, na ofisi zake ziko wapi?
2. Katika mradi tunaoufikiria, ni sehemu gani inazidi mamlaka ya mtaa?
3. Nani ataguswa na kazi yetu bila kuwa mkazi, na tutamfikiaje?