Kimo cha Uvungu: Pima Gari Likiwa na Watu

Anayetafuta gari la barabara mbovu huuliza kwanza liko juu kiasi gani. Tuchukue magari mawili yanayofahamika sana mitaani: Toyota Premio ya kuanzia 2007, ambayo ni saluni, na Subaru Forester ya kuanzia 2008, gari dogo la juu. Uvungu wa Premio uko takriban sentimita 16 kutoka ardhini, na wa Forester takriban 21. Vipimo hivyo ni vya gari tupu, na hakuna anayenunua gari ili litembee tupu.

Springi hubonyea kwa kadiri ya uzito unaoilemea. Premio ina uzito wa kilo 1,200 hivi. Tukadirie kwamba uzito huo umekwisha kuzibonyeza springi zake sentimita 15, kiasi cha kawaida kwa saluni iliyotengenezwa iwe laini. Wakipanda watu watano wa kilo 70 kila mmoja, umeongeza kilo 350, yaani karibu asilimia 29 ya uzito wa gari. Springi zitabonyea kwa uwiano uleule: asilimia 29 ya 15 ni sentimita 4 na kidogo. Ile 16 imebaki 12, na nyuma hupungua zaidi, hasa buti likiwa na mizigo.

Forester ina uzito wa kilo 1,450 hivi, na springi zake ni ngumu kidogo. Tukichukua kwamba zimebonyea sentimita 13, abiria walewale watano wataishusha kama sentimita 3, na itabaki na 18. Tofauti iliyokuwa sentimita 5 sasa ni 6.

Huhitaji kuamini makadirio yangu. Egesha gari pasipo na mwinuko, ingiza futi chini ya sampu ya oili na upime, kisha pakia watu na upime tena. Halafu nenda kwenye njia yako. Tuta la udongo lililosimama katikati ya mikondo miwili ya matairi ndilo hasa hugonga sampu. Weka fimbo mbili fupi zenye urefu sawa, moja katika kila mkondo, uvute kamba iliyonyooka kati ya ncha zake, kisha pima umbali wa kutoka kamba hadi kilele cha tuta. Ukitoa umbali huo katika urefu wa fimbo, unapata kimo cha tuta. Bakiza angalau sentimita 4 kwa ajili ya gari kudunda. Kwa hesabu hii Premio iliyojaa isipitishwe juu ya tuta linalozidi sentimita 8, ilhali Forester huweza kufika 14.

Na starehe? Hapa saluni hudanganya. Springi laini hubembea polepole, na kwenye lami mwili hupumzika. Lakini gari likishajaa, sehemu ya mwendo wa springi imekwisha kutumika. Likitumbukia shimoni, springi inafika mwisho na mpira wa kuzuia unagonga chuma. Pigo hilo linapanda moja kwa moja hadi uti wa mgongo. Kwenye lami ningechagua Premio bila kusita, ila katika njia ya makorongo abiria wa nyuma wa Forester ndio watakaoshuka wakiwa wazima.

Gharama za ufundi zinakwenda kwa njia mbili tofauti. Bushi, boljointi na shokapu huchakaa katika magari yote mawili, na mlio wa kugongagonga ukipita polepole kwenye vishimo ndio ishara ya kwanza. Forester huongeza vyake: husukuma magurudumu yote manne wakati wote, hivyo ina shafti ndefu na difu ya nyuma. Matairi yake manne yanapaswa kulingana, kwa sababu tairi jipya likiwekwa pamoja na yaliyolika, huzunguka kwa kasi tofauti na kuilazimisha mitambo ya katikati kufanya kazi bila kupumzika. Hiyo ni gharama inayojulikana mapema, unaweza kuiwekea akiba. Ya Premio hutokea ghafla: tuta linapasua sampu, oili inamwagika, na taa nyekundu ya oili inawaka. Zima injini palepale. Ukijikokota hadi kwa fundi, badala ya sampu utanunua injini.

Ndiyo maana ninasema tuta lako likiwa chini ya sentimita 8, nunua Premio na usilipie difu usiyoihitaji. Likiwa kati ya 8 na 14, Forester inastahili gharama zake.

Wengine huinyanyua Premio kwa kuweka spesa juu ya springi. Unapata sentimita 2 au 3, lakini shafti za mbele sasa zinazunguka zikiwa zimeinama zaidi, na mipira inayofunika viungo vyake hukunjwa kupita kiasi hadi ikachanika. Mchanga ukiingia humo, kiungo kinaanza kulia kila unapokata kona. Ukishaweka spesa, chungulia mipira hiyo kila gari linapobadilishwa oili. Grisi iliyorukia upande wa ndani wa rimu inaonyesha kwamba mpira umeshachanika.