Intaneti au Simu Kukatika Baada ya Kusasisha Programu ya Simu: Chanzo na Hatua za Kuchukua

Watumiaji wengi hudhani kuwa simu ikikosa mawasiliano mara tu baada ya kusasishwa programu yake, basi mtandao umeharibika au simu imekufa. Mara nyingi si hivyo. Sasisho hubadilisha baadhi ya mipangilio inayoiunganisha simu na mtoa huduma, na mtumiaji anaweza kuirejesha mwenyewe.

Kwanza, tambua kilichokatika

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, washa hali ya ndege kwa nusu dakika kisha uizime, au zima simu na kuiwasha tena, ili ijisajili upya kwenye mnara. Baada ya hapo jaribu mambo mawili kwa kutenganisha: piga simu ukiwa umezima data, kisha fungua ukurasa wa intaneti ukiwa umezima Wi-Fi. Jibu litakuonesha pa kuanzia.

Simu zinapita lakini intaneti haifunguki

Anza na salio la kifurushi. Baada ya sasisho, simu huweza kupakua matoleo mapya ya programu nyingine bila kukuarifu, na kifurushi kikaisha kabla hujakitumia. Kwa simu ya laini mbili, hakikisha pia kuwa data haijahamia kwenye laini isiyo na kifurushi.

Kama yote hayo ni sawa, chunguza APN. Hili ni jina la lango ambalo data ya simu yako hupitia kutoka kwa mtoa huduma kwenda kwenye intaneti. Upigaji wa simu wa kawaida hauhitaji lango hilo, ndiyo maana sasisho likifuta jina lake, simu hupita na ujumbe mfupi huingia ilhali intaneti imefungwa.

Tuchukue mfano wa mtumiaji ambaye simu yake ya Android ilisasishwa usiku. Asubuhi alama za mtandao zimejaa, anapigiwa na kupokea, na kifurushi hakijaisha, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Anafungua “Settings”, kisha “Connections” au “Network & internet” kulingana na aina ya simu, halafu “Mobile networks” na “Access Point Names”. Anakuta orodha tupu. Anagusa vitone vitatu vya juu na kuchagua “Reset to default”. Orodha ikiendelea kuwa tupu, anampigia mtoa huduma, anaomba jina sahihi la APN, analiandika kama alivyotajiwa, herufi kwa herufi, analihifadhi, analichagua, kisha anawasha simu upya.

Intaneti inafanya kazi lakini simu hazipiti

Hapa tazama aina ya mtandao. Kwenye 4G, sauti husafirishwa kwa njia iitwayo VoLTE. Pale ambapo VoLTE haijawezeshwa, simu hulazimika kushuka hadi 3G au 2G kila unapopiga. Sasisho likizima VoLTE, na simu ikiwa imefungwa kwenye 4G pekee, haina pa kushukia, hivyo simu hukatika kabla ya kuita. Fungua “Mobile networks”, chini ya “Network mode” au “Preferred network type” chagua mpangilio unaojumuisha 4G, 3G na 2G kwa pamoja, kisha washa VoLTE ikiwa mtoa huduma wako anaitoa.

Yote yakishindikana

Weka upya mipangilio ya mtandao. Kwenye iPhone, fungua “Settings”, “General”, “Transfer or Reset iPhone”, “Reset”, kisha “Reset Network Settings”. Kwenye Android, tafuta neno “Reset” ndani ya “Settings” na uchague mipangilio ya mtandao pekee. Hatua hii haifuti picha wala majina, bali hufuta nywila za Wi-Fi, hivyo ziandike kwanza. Usichague kufuta simu nzima.

Hatimaye, weka laini yako kwenye simu nyingine inayofanya kazi. Ikikwama huko pia, tatizo liko kwenye laini au kwa mtoa huduma, nawe una haki ya kumwasilishia malalamiko na kudai namba ya kumbukumbu. Ikifanya kazi, tatizo liko kwenye simu yako. Piga *#06#. Namba ya IMEI isipoonekana, au ikiwa sifuri tupu, mipangilio haitasaidia: ipeleke kwa muuzaji ukiwa na risiti na hati ya dhamana.

Tunakukumbusha kuwa hakuna hatua kati ya hizi inayohitaji namba ya siri ya akaunti yako ya fedha. Anayekuomba namba hiyo ili “akurekebishie mtandao” usimpe.