Makufuli ya Visu vya Kukunja: Maswali na Majibu

Mji wa Kamina, katika jimbo la Haut-Lomami, ni njia panda ya reli, ambapo njia itokayo Lubumbashi hugawanyika, moja ikashika kwenda Ilebo na nyingine ikaelekea Kabalo hata Kalemie. Na kwa kuwa bidhaa ndogondogo hufuata reli, haikosi mtu kuona juu ya meza moja ya mchuuzi visu vya kukunja vya kila asili, ambavyo kwa nje vyafanana, ilhali ndani vimefungwa kwa hila mbalimbali. Maswali yafuatayo yahusu hila hizo. Mjibuji ni fundi wa kunoa na kutengeneza visu.

*Mimi ni mfanyakazi wa reli. Nilikuwa nikitoboa bidoni ya plastiki kwa kisu kipya, kile chenye bamba la chuma linaloruka ndani ya mpini bapa likifunguka. Mara bapa likajifunga na kunikata vidole viwili. Fundi, kufuli ndilo lililovunjika, ama taksiri ni yangu?*

Kwanza pole, bwana. Yamkini kufuli halikuvunjika hata kidogo, na ukilifungua tena leo utalikuta linashika kana kwamba halijui lililotokea. Nalo jambo hili ndilo linalowadanganya watu wengi.

Tanabahi kwanza kwamba, mtu akatapo kamba au nyama kwa makali, mzigo wote walisukuma bapa upande wa kufunguka, si upande wa kufunga, kwa hiyo kufuli aghalabu halina kazi yoyote. Kufuli huitwa kazini pale tu mgongo wa bapa unapokandamizwa, na kutoboa bidoni ndiko hasa kunakoleta hali hiyo: ncha imezama katika plastiki, plastiki imeibana, mkono unaendelea kusukuma, nao ukiinuka kidogo tu, ukingo wa tundu huulalia mgongo wa bapa.

Sasa tupige hesabu. Tuseme bapa lako lina sentimita 8, na mgongo wake karibu na ncha umepata mzigo wa kilo 5 tu, ambao ni mdogo kwa mkono wa mtu mzima. Bamba linakutana na kisigino cha bapa mahali palipo nusu sentimita kutoka kwenye pini ambayo bapa huizunguka. Kilo 5 mara sentimita 8 ni 40, na 40 ukiigawa kwa nusu ni 80. Basi ule ulimi mwembamba wa bamba umebebeshwa kilo 80 kwa mzigo wa kilo 5. Chuma kizuri cha unene wa milimita moja na nusu chaweza kustahimili hayo pasi na kupinda, maadamu kinasukumwa kwa wima, kama gogo lililoegemezwa nyuma ya mlango.

Tatizo ni kwamba hakisukumwi kwa wima kamili. Kisigino cha bapa hukatwa kwa mshazari wa kiasi cha digrii 8, kwa makusudi, ili kadiri chuma kinavyolika, ulimi upate kuingia ndani zaidi na kuendelea kubana. Lakini mshazari huohuo huufanya mzigo uusukume ulimi utoke pembeni, na kinachouzuia ni mkwaruzo wa chuma kwa chuma, basi. Mshazari ukiwa mkali kuliko inavyofaa, au uso wa kisigino ukiwa umetiwa mafuta, au mwenye kisu akikipinduapindua ili kukichomoa, ulimi huteleza ukarudi nafasini mwake, na bapa halina kizuizi tena. Nami nadhani ndivyo ilivyokuwa kwako: si kusukuma kulikokukata, bali kule kupindua kulikofuata.

Ili kulijua kufuli la namna hii, fungua kisu, ukitazame kwa juu kwenye mwanga, uone ulimi umesimama wapi nyuma ya kisigino. Katika kisu kipya yafaa uwe umeingia robo hadi nusu ya upana wa kisigino. Ukiwa umegusa ukingo tu, hilo si kufuli, ni mapambo. Na ukiwa umekwisha vuka hadi kugusa bamba la upande wa pili, kisu kimeshakula umri wake. Kisha, vidole vikiwa nje kabisa ya njia ya makali, ukandamize mgongo wa bapa polepole juu ya ubao, ukiutazama ulimi: ukiuona unatambaa kurudi nyuma, japo kidogo, usikitumie kisu hicho kwa kazi ya kutoboa. Wako watu wanaojaribu kwa kugonga mgongo wa bapa mezani kwa nguvu. Mimi siwashauri, kwani pigo la namna hiyo huweza kukiharibu hata kisu kilichokuwa kizima.

*Baba Fundi, mimi nauza samaki wa kukaushwa watokao Upemba. Kisu changu ni cha kufuli la mgongoni. Zamani kilipofunguka kililia "ta", siku hizi kinafunguka kimya. Je, kimekwisha?*

Hapana, mama, kisu hicho kinakuomba maji. Mgongoni mwa mpini kuna mtaimbo mdogo wa chuma uliopachikwa juu ya pini katikati yake, nyuma yake umesukumwa juu na kamani, na mbele una jino ambalo, bapa linapomaliza kufunguka, huangukia katika pengo lililochongwa kwenye kisigino. Ile sauti ya "ta" ilikuwa ni jino kufika chini ya pengo. Sasa magamba, chumvi na mafuta ya samaki vimejaa humo na kugandamana, jino halifiki chini, limeketi juu ya uchafu.

Usitegemee sikio peke yake. Pitisha ukucha mgongoni, kutoka kwenye bapa hadi kwenye mtaimbo: jino likiwa limezama sawasawa, katika visu vingi ukucha wako hautakwama, maana vyuma viwili huwa vimelingana; mtaimbo ukiwa umeinuka mbele, kufuli limeshika nusu. Na kushika nusu ni hatari kuliko kutoshika, kwa kuwa mkono umekwisha amini. Dawa yake ni maji ya moto na sabuni, mswaki mkuukuu, kisha kijiti chembamba cha mwanzi cha kuchokolea lile pengo. Ukikaushe juani, utie tone moja la mafuta katika pini ya bapa, wala usitie katika pengo, maana mafuta hukusanya unga na vumbi.

Kwa nguvu, kufuli hili lalishinda bamba kwa sehemu kubwa, kwa sababu jino nene limezama katika pengo nene, na mzigo haulisukumi kutoka, ila huishia katika pini ya mtaimbo. Pini hiyo ndiyo hulika, na dalili yake ni bapa kucheza juu na chini kisu kikiwa wazi. Mchezo mdogo unavumilika. Ukizidi, peleka kwa fundi akaipige ribiti upya. Kasoro nyingine ni ya mkono: iwapo kitufe cha kufungulia kiko katikati ya mgongo wa mpini, mtu ashikaye kwa nguvu, hasa akikata mfupa au kiungo kikaidi, huweza kukibonyeza kwa kiganja bila kujua. Kwa sababu hiyo mimi huvipenda zaidi vile vyenye kitufe mwishoni kabisa mwa mpini.

*Babu yangu aliniachia kisu kidogo kisicho na kufuli lolote, kina kamani tu. Rafiki zangu wasema ni cha hatari. Nikitupe?*

Usikitupe. Kisu hicho kina kamani ngumu mgongoni inayokandamiza kisigino kilichochongwa bapabapa, kwa hiyo bapa hupenda kukaa ama wazi ama limefungwa, lakini nguvu za vidole viwili zatosha kulirudisha. Hakina nguvu dhidi ya mzigo wa mgongoni, nacho hakijidai kuwa nayo. Mwenye nacho hujizoeza kumenya, kukata kamba na kuchonga, asitoboe wala kuchoma. Nami katika karakana yangu nimeona mikono mingi iliyokatwa na visu vyenye kufuli kuliko visivyo nalo, jambo ambalo halinistaajabishi.

*Na vile visu vyenye pete, fundi, waviweka wapi?*

Pete ziko za namna mbili, nazo zisichanganywe. Iko ile ya kisu cha Okapi, kilichoanza kutengenezwa mwaka 1902 nchini Ujerumani kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, kikapewa jina la mnyama wa misitu yetu ya Ituri, na ambacho alama yake pamoja na mitambo vilinunuliwa na Waafrika Kusini mwaka 1988. Hiki kina kamani ndefu ya mgongoni yenye tundu, na kisigino cha bapa kina jino liingialo tunduni. Ile pete ni ya kuinulia kamani ili kufunga. Ni sahali kutengeneza na sahali kusafisha, lakini uthabiti wake wote umo katika ugumu wa kamani, na kamani ikilegea kwa kuvutwa miaka mingi, jino hutoka bila kuombwa. Viigizo vya bei rahisi aghalabu huwa na kamani ya bati laini: ivute pete, ukiona kamani haikurudi papo hapo kulala sawasawa, kirudishe mezani kwa mchuuzi.

Pete ya pili ni ya kisu cha Opinel, cha milima ya Savoie kule Ufaransa, kilichobuniwa mwaka 1890 kikiwa hakina kizuizi ila mkwaruzo wa mpini wenyewe, hadi mwaka 1955 kilipoongezwa ukosi wa chuma wenye mwanya. Ukiuzungusha ukosi, mwanya huondoka na chuma hukaa nyuma ya kisigino. Hapa hakuna kamani ya kuchoka wala mshazari wa kuteleza, na kwa kutoboa bidoni ningekitanguliza mbele ya kisu cha bamba cha bei yake. Kasoro zake ni mbili: hakijifungi chenyewe, ukisahau kuuzungusha ukosi huna kufuli, na mpini wa mbao hufura wakati wa masika hata bapa likakataa kutoka. Likikataa, gonga kitako cha mpini, upande wa chini, juu ya meza, nalo litachomoza kiasi cha kushikika.

*Basi kwa mtu wa Kamina mwenye fedha za kisu kimoja tu, anunue kipi?*

Mvuvi, muuza nyama na kila mwenye kazi ya maji na mafuta achukue kufuli la mgongoni lenye kitufe mwishoni. Mkulima na fundi seremala watoshelezwa na ukosi wa kuzungusha. Kisu cha bamba nakikubali kwa yule ahitajiye kufungua na kufunga kwa mkono mmoja, kama aliye juu ya ngazi, naye awe mtu wa kukikagua kila juma. Tena akumbuke kwamba wakati wa kukifunga dole gumba husimama katika njia ya makali, kwa hiyo aliondoe kabla bapa halijamaliza safari yake. Na kabla ya kulipa, mwombe mchuuzi akuachie ukifungue kisu mara kadhaa mwangani, ukikandamize mgongo wake mezani. Akikataa, nenda meza ya pili.