Usingizi Salama wa Mtoto Mchanga Nyakati za Baridi

Mji wa Tunduma, mkoani Songwe, uko katika nyanda za juu, na usiku wa Juni na Julai huwa wa baridi kali. Ndipo mtoto mchanga hulazwa kifudifudi, hufunikwa blanketi zito, na jiko la mkaa huingizwa chumbani. Yote hufanywa kwa nia ya kumlinda, lakini kila moja laweza kumkatiza pumzi.

Chukua mfano wa mama wa mtoto wa wiki mbili. Mtoto hucheua baada ya kunyonya, na mama anahofia kwamba akilala chali atapaliwa. Maumbile yanaonyesha kinyume. Mtoto anapolala chali, njia ya hewa huwa juu ya umio. Maziwa yanayorudi hulazimika kupanda ndipo yaingie katika njia ya hewa, naye huyameza au kuyakohoa. Akilala kifudifudi, njia ya hewa huwa chini, na maziwa huielekea kwa urahisi. Tena uso uliozama kwenye godoro huvuta upya hewa iliyokwisha kutumika. Kulala kiubavu nako si salama, kwani huweza kubingirika hadi kifudifudi. Basi alazwe chali kila usingizi, usiku na mchana, hadi atimize mwaka 1.

Godoro nalo lipimwe kwa kiganja. Likibonyezwa na kuachwa, lirudi mara moja. Likibaki na shimo, uso wa mtoto waweza kuzama humo. Shuka ibanwe vizuri, na mto, nguo za ziada na blanketi zito viondolewe. Chandarua kichomekwe chini ya godoro, kisimwangukie usoni.

Joto litokane na mavazi: nguo mbili au tatu nyepesi na soksi. Kofia ivuliwe wakati wa kulala ndani, isije ikateleza usoni. Mama amguse shingoni kwa nyuma au kifuani, kwa maana mikono ya mtoto mchanga huwa baridi hata akiwa mzima. Shingo yenye jasho yaonyesha nguo zimezidi. Kifua kikiwa baridi, amkumbatie ngozi kwa ngozi, naye mama awe macho. Baridi isipoondoka, au mtoto akikataa kunyonya, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.

Jiko la mkaa lisilale chumbani, hata likionekana limezimika. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua walalao.

Mtoto alale chumba kimoja na mama, kwenye sehemu yake mwenyewe. Kitanda kikiwa kimoja tu, asilale kati ya wazazi, wala pamoja na mtu aliyekunywa pombe au anayevuta sigara. Mama anayenyonyesha usiku asikae kwenye kochi, kwani usingizi ukimchukua, mtoto huweza kubanwa kati ya mwili wake na mito.

Mhudumu wa afya amwombe mama aonyeshe kwa mikono yake jinsi atakavyomlaza mtoto, kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani.